Waombaji wawili, nafasi moja Mafinga: kupima wasifu wa Afisa Mazingira kwa TAM, ukaguzi na ufuatiliaji

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, ukikaribia Mafinga unaanza kuona marundo ya nguzo za umeme pembeni mwa barabara. Ni milingoti iliyonyooka, mingine bado ina rangi yake ya mti, mingine imeshageuka kijani. Ile ya kijani imetoka kwenye mtungi wa dawa. Viwanda vya kutia nguzo dawa vimekaa vizuri katika ukanda huu kwa sababu miti ipo jirani, na vyote vinahitaji Afisa Mazingira anayejua anachokifanya, kwa kuwa dawa inayotumika sana ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki.

Nafasi kama hiyo ikitangazwa, maombi yanakuja mengi, na karibu kila mwombaji ameandika maneno yaleyale matatu: Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani TAM, ukaguzi, ufuatiliaji. Kwenye karatasi wote wanalingana. Nimekaa upande wa mwajiri katika usaili wa aina hii, na naona waajiri wengi wanapotea palepale pa mwanzo: wanahesabu TAM. Mwenye TAM nyingi anapita, mwenye chache anaachwa, halafu miezi sita baadaye kiwanda kina afisa anayeandika ripoti safi huku sakafu ya kuchuruzishia dawa inavuja.

Hapa nachukua tangazo moja na waombaji wawili niwaweke ubavu kwa ubavu. Si watu halisi. Nimewaunda kutokana na aina mbili za wasifu zinazojirudia mno mezani.

Tangazo lenyewe linataka nini

Tangazo linasomeka hivi:

"Afisa Mazingira, kituo cha kazi Mafinga. Majukumu: kusimamia utekelezaji wa masharti ya cheti cha TAM na Mpango wa Usimamizi wa Mazingira, kuandaa taarifa ya ukaguzi wa mazingira ya kila mwaka na kufunga hoja za wakaguzi, kufuatilia ubora wa maji ya visima, udongo na hali ya sakafu ya kuchuruzishia dawa, kuratibu TAM ya upanuzi wa mtungi wa pili. Sifa: shahada ya sayansi ya mazingira au fani inayokaribiana nayo, uzoefu usiopungua miaka mitatu. Usajili wa utaalamu wa mazingira NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ni sifa ya ziada."

Lisome polepole. Majukumu ni manne, na TAM inatajwa kama kazi ya kufanya katika la mwisho peke yake. Hata huko kitenzi ni "kuratibu". Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, TAM inaandaliwa na wataalamu elekezi waliosajiliwa, na mwenye mradi ndiye anayewaajiri. Afisa wa kiwanda anawapa taarifa sahihi, anawatembeza eneo, anasoma rasimu yao kwa jicho kali, na anahakikisha ahadi zinazoandikwa humo zinatekelezeka. Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Masharti ya cheti yakishatoka ni ya kiwanda, siyo ya mshauri aliyeondoka na malipo yake.

Katika jukumu la kwanza TAM imeshafanyika, na kinachotakiwa ni mtu wa kuishi nayo. Kwa hiyo kabla sijafungua wasifu wowote nagawa alama 100 kwa kufuata majukumu: ufuatiliaji wa eneo 45, ukaguzi na ufungaji wa hoja 35, TAM 20. Mwajiri mwingine anaweza kugawa 40, 40 na 20, sitagombana naye. Muhimu ni kwamba mgao ufanyike kabla ya kusoma majina, kwa sababu ukishavutiwa na mtu utajikuta unaubadilisha mgao umfae yeye.

Wanavyojieleza

| Eneo | Mwombaji wa kwanza | Mwombaji wa pili |
|---|---|---|
| TAM | "Nimeshiriki TAM zaidi ya 20: vituo vya mafuta, minara ya simu, hoteli, barabara za wilaya. Nimesajiliwa NEMC." | "Niliwakilisha kiwanda katika TAM moja ya ujenzi wa boila mpya." |
| Ukaguzi | "Nimefanya ukaguzi wa mazingira wa viwanda 7." | "Nilisimamia hoja 14 za ukaguzi. 11 zilifungwa ndani ya mwaka, 3 zilisubiri bajeti ya bwawa la majitaka." |
| Ufuatiliaji | "Ufuatiliaji wa ubora wa hewa, maji na kelele katika miradi mbalimbali." | "Kila robo mwaka nilichukua sampuli za majitaka sehemu mbili. BOD ya mwisho wa bwawa ilishuka kutoka 85 hadi 28 baada ya kuondoa tope." |

Wa kwanza ana miaka sita katika kampuni ya ushauri jijini Dar es Salaam. Wasifu wake una kurasa nne zilizopangwa vizuri. Wa pili ana miaka mitano katika kiwanda cha chai huku Mufindi, wasifu wake ni kurasa moja na nusu, na tarehe zake hazijapangwa kwa mfuatano mmoja. Ukipitisha macho haraka, wa kwanza anashinda. Tuingie ndani.

TAM: aliyeandika na aliyeishi nayo

Ishirini ni nyingi, lakini neno la kuuliza ni "nimeshiriki". Kushiriki TAM kunaweza kuwa kuongoza timu, kuandika sura ya maji, au kubeba daftari la mahudhurio kwenye mkutano wa kijiji. Njia rahisi ya kujua ipo ndani ya ripoti yenyewe: inaorodhesha timu ya wataalamu na nafasi ya kila mmoja. Mwombe mwombaji ukurasa huo kwa ripoti tatu anazojivunia. Aliyefanya kazi ataupata siku hiyohiyo.

Swali la pili ni aina ya miradi. Tangu marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018, miradi inapangwa katika makundi: A, ambayo TAM kamili ni lazima, B1, iliyo mpakani, B2, ambayo kwa kawaida muhtasari wa mradi unatosha, na kundi maalumu. Mwombaji wa kwanza hasemi kazi zake ziliangukia wapi. TAM 20 zinaweza kuwa tafiti 20 zenye vipimo vya hali ya awali, mikutano ya wadau na mapitio ya kamati ya wataalamu. Zinaweza pia kuwa mihtasari 17 inayofanana na tafiti tatu. Zote ni kazi halali, ila ugumu wake uko mbalimbali sana.

Jambo la tatu ndilo ninaloliamini zaidi: je, anaweza kutambua Mpango wa Usimamizi wa Mazingira ulionakiliwa? Nimesoma mipango ya viwanda vya aina hii ambayo hatua yake ya kwanza ni kunyunyiza maji barabarani kupunguza vumbi, na ya pili kupanda miti kuzunguka uzio, huku sakafu ya kuchuruzishia dawa haitajwi popote. Huo umehamishwa kutoka mradi wa ujenzi. Mtu aliyezoea TAM za minara na vituo vya mafuta anaweza asilione pengo hilo, kwa sababu kwake vumbi na kelele ndiyo mambo ya kawaida.

Hata hivyo uzoefu wake ni mali. Anajua usajili wa mradi unavyofanyika, anajua hadidu za rejea zikiwa legevu utafiti mzima unalegea, anajua kamati huuliza nini. Mtungi wa pili ukija, kiwanda kitapata faida kwake. Wa pili ana TAM moja tu, tena akiwa upande wa mteja. Lakini tangazo linataka mratibu, na mratibu hukaa upande huohuo wa mteja, hivyo TAM yake moja ina uzito kuliko idadi inavyoonyesha. Kati ya alama 20 nampa wa kwanza 17, wa pili 8.

Ukaguzi: aliyeandika hoja na aliyezifunga

Wa kwanza amekagua viwanda saba. Maana yake amefika, ametembea siku moja au mbili, amelinganisha anachokiona na masharti ya cheti na kanuni, ameandika hoja, ameondoka. Ni ujuzi wa kweli. Anajua kusoma sharti na kulitafutia ushahidi. Asichokionyesha popote ni kilichotokea baada ya yeye kuondoka.

Wa pili ameandika mstari ambao waombaji wengi wangeufuta: hoja tatu hazikufungwa. Kwangu huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote katika wasifu wake. Anayesema hoja 14 kati ya 14 zilifungwa kwa mwaka mmoja ama alikuwa na kiwanda chenye kasoro ndogondogo, ama alizifunga kwa karatasi. Huyu anataja kilichozuia, na kizuizi chenyewe ni cha kuaminika: bwawa la majitaka linahitaji fedha ambazo afisa mazingira hana mamlaka nazo.

Ili ieleweke kwa nini nasisitiza kufunga hoja, chukua hoja moja inayoweza kuandikwa katika kiwanda chetu cha Mafinga: "Sakafu ya kuchuruzishia dawa ina nyufa upande wa mashariki." Kiwanda kinaleta fundi, anaziba kwa saruji, picha inapigwa, hoja inafungwa. Mvua ikinyesha mara ya pili nyufa zimerudi, kwa sababu hakuna aliyeuliza zilitoka wapi. Toroli linalobeba nguzo mbichi kutoka mtungini ni zito, na kama zege chini ya reli ni jembamba au udongo wake haukushindiliwa, litapasuka tena palepale.

Kuifunga hoja hiyo kikweli kuna hatua zaidi. Unatafuta chanzo. Unatengeneza kwa unene unaobeba mzigo. Unaijaza sakafu maji na kuangalia kama kina kinashuka. Kisha unachukua sampuli za udongo chini na kando ya ufa, kwa sababu dawa iliyokwisha kupita haiondoki kwa kuziba ufa. Udongo ukiwa umechafuka, unazaliwa mzigo mwingine wa taka hatarishi, na wenyewe una taratibu zake za kuhifadhi na kusafirisha. Afisa anayejua haya ataandika katika jedwali lake: sharti, kasoro, chanzo, hatua, mhusika, tarehe, ushahidi. Mwombe mwombaji jedwali la aina hiyo, hata likiwa na majina yaliyofutwa. Wa pili nategemea analo. Wa kwanza atakuwa na ripoti, ambayo ni kitu tofauti.

Kuna upande mwingine wa ukaguzi ambao wasifu nyingi zinaupita. NEMC si mkaguzi pekee. Kiwanda cha nguzo kinafikiwa na OSHA kwa usalama wa wafanyakazi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kemikali, na kama kinachota au kutiririsha maji kitakutana na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo makao yake yako Iringa. Hakuna kati ya waombaji wetu aliyewataja wote. Wa pili anataja OSHA na Bodi ya Maji katika sentensi moja, wa kwanza anataja NEMC tu. Kati ya 35 nampa wa kwanza 18, wa pili 28.

Ufuatiliaji wa eneo: hapa ndipo kazi ilipo

Ili kumpima mtu katika eneo hili, inabidi mwajiri mwenyewe aelewe anachotaka kifuatiliwe.

Mlingoti uliokauka unaingizwa mtungini. Hewa inavutwa nje, dawa inaingizwa, shinikizo linapandishwa hadi dawa ipenye ndani ya mti, kisha dawa iliyobaki inarudishwa tangini na nguzo zinatolewa zikiwa zimelowa. Zikikaa kwenye sakafu ya kuchuruzishia, mambo mawili yanatokea. La kwanza linaonekana kwa macho: dawa inachuruzika na kurudi kwenye shimo la kukusanyia. La pili halionekani: kromi iliyomo ndani ya mti inabadilika kutoka ile yenye sumu kali, kromi sita, kuwa kromi tatu, na katika mabadiliko hayo dawa inashikana na mti. Mpaka hapo ndipo mvua inaweza kuinyeshea nguzo bila kuondoka na dawa nyingi.

Kushikana huko kunategemea joto. Siku za joto kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi kama wiki mbili. Baridi ikiingia kunachelewa sana, na Mafinga ya mwezi Juni na Julai kila mtu anaijua: ukungu asubuhi, jua dhaifu, usiku wa kutetemeka. Ratiba ya "nguzo zikae siku tano" iliyonakiliwa kutoka kiwanda cha nchi ya joto haifanyi kazi hapa. Nguzo zitaonekana zimekauka, zitapelekwa uwanja wa wazi, na dawa yake bado iko tayari kuondoka.

Upo ukaguzi mdogo wa kulijua hili. Unatoboa nguzo kwa kekee ya kutolea kipande, unapata kijiti cha mbao chembamba kama penseli, unakizungusha juu ya karatasi ya chujio iliyodondoshewa kemikali ya kupimia. Ikitokea rangi ya zambarau, kromi sita bado ipo na nguzo inabaki sakafuni. Mwombaji aliyewahi kukaa kwenye kiwanda cha nguzo atalitaja bila kuulizwa. Katika hawa wawili hayupo, na si haki kuwahukumu kwa hilo. Ninachotafuta kwao ni kama wanaelewa kipimo kinavyozaliwa na kinavyoharibika.

Mstari wa mwombaji wa kwanza ni mpana: hewa, maji, kelele, miradi mbalimbali. Ukitazama kazi zake, vipimo hivyo karibu vyote ni vya hali ya awali, vilivyochukuliwa mara moja kabla ya ujenzi. Kupima mara moja ni kujua leo kukoje. Kufuatilia ni kurudi palepale, kwa njia ileile, msimu baada ya msimu, hadi tofauti ionekane. Visima vya uangalizi vya Mafinga vikipimwa Septemba pekee vitakuwa na majibu mazuri mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna maji ya mvua yanayosukuma kitu kushuka. Ni baada ya mvua za Machi na Aprili ndipo kisima cha chini ya mteremko kinasema ukweli.

Mstari wa mwombaji wa pili ni mfupi lakini una viungo vyote: mara ngapi, wapi, nini, kilibadilika vipi, kwa sababu gani. Alichukua sehemu mbili, yaani kabla na baada ya bwawa, hivyo ana cha kulinganisha. BOD, kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji, ilitoka 85 ikafika miligramu 28 kwa lita, na kiwango cha juu kinachoruhusiwa kutiririshwa nchini ni 30. Anajua amepita chini ya mstari kwa kidogo tu na hajajisifu zaidi ya hapo. Chanzo alichokitaja kinaingia akilini: bwawa likijaa tope, maji hayakai humo muda wa kutosha.

Udhaifu wake uko wazi pia. Majitaka ya chai si arseniki. BOD haikufundishi kushika sampuli za metali, na humo kuna mitego. Sampuli ya kupima arseniki na kromi yote kwa jumla huwekwa asidi ya nitriki kidogo ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Sampuli ya kromi sita haiwekwi asidi hiyo, maana itaigeuza kuwa kromi tatu kabla haijafika maabara. Inawekwa kwenye baridi, na kwa utaratibu wa kawaida inatakiwa ipimwe ndani ya saa 24. Sasa fikiria chupa iliyojazwa Ijumaa mchana Mafinga ikapandishwa basi la kesho yake kwenda Dar es Salaam. Inafika Jumamosi jioni, maabara imefungwa, inapimwa Jumatatu. Jibu litakuja limepigwa muhuri, na kromi sita itasomeka ndogo kuliko ilivyokuwa kisimani. Mwombaji wa pili hajui hili, lakini amezoea ratiba, barafu na fomu ya kukabidhiana sampuli. Atajifunza kwa mwezi mmoja. Wa kwanza amezoea maabara ije na watu wake, ipime, iondoke.

Kati ya 45 nampa wa kwanza 12 na wa pili 34.

Jumla, na pale inapogeuka

Wa kwanza amepata 17, 18 na 12, jumla 47. Wa pili amepata 8, 28 na 34, jumla 70. Kwa tangazo hili namchukua wa pili, na sioni kama ni suala la kubahatisha.

Lakini wapeleke wasifu haohao kwa kampuni ya ushauri ya Mbeya mjini inayoandaa TAM za wachimbaji wa Chunya na viwanda vya Songwe. Tangazo lake litaweka TAM 60, ukaguzi 25, ufuatiliaji 15. Kwa viwango vilevile nilivyowapa, wa kwanza anapata kama 68 na wa pili kama 55. Watu hawajabadilika, wala wasifu haujabadilika hata nukta. Kwa hiyo mwombaji akiniuliza kwa nini alikataliwa Mafinga wakati ana TAM 20, jibu langu ni kwamba aliomba kazi ya kukaa na kiwanda kwa wasifu wa kukitembelea.

Naye angeweza kujisaidia. Katika ukaguzi wa viwanda saba, lazima kuna kimoja alichorudi mwaka uliofuata. Angeandika: kiwanda fulani, hoja kadhaa mwaka wa kwanza, ngapi nilizikuta zimefungwa mwaka wa pili, ipi ilirudi na kwa nini. Mistari mitatu ya namna hiyo ingempandishia alama za ukaguzi kuliko viwanda vingine kumi. Wa pili naye aandike usajili wake wa NEMC kama upo, na kama haupo aanze taratibu, maana tangazo limeutaja hata kama ni sifa ya ziada.

Jaribio la dakika ishirini

Tofauti ya alama 23 ni kubwa, ila wasifu unabaki kuwa maneno ya mwenye nao. Siku ya usaili naweka mbele ya kila mmoja ukurasa mmoja wa majibu ya maabara, wa kubuni, na kalamu. Kisima cha juu ya mteremko, arseniki miligramu 0.004 kwa lita. Visima viwili vya chini, 0.003 na 0.021. Katika kisima hicho cha mwisho, kromi yote kwa jumla 0.05, kromi sita 0.08. Sampuli zilichukuliwa katikati ya Aprili. Nawapa dakika ishirini waandike wangefanya nini kesho asubuhi.

Wengi wanaiona 0.021 haraka, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.01, na wanaandika barua ya kutoa taarifa. Ni sawa, na kisima cha juu kikiwa safi wana haki ya kushuku kiwanda. Wachache wanashuka mstari mmoja zaidi na kugundua kwamba kromi sita ni sehemu ya kromi yote, kwa hiyo haiwezi kuizidi. Mojawapo ya namba hizo mbili si sahihi. Pengine chupa zilichanganywa, pengine maabara imekosea, pengine aliyenakili amegeuza safu. Anayeliona hilo ataandika mambo mawili kwa wakati mmoja: kurudia sampuli ya kisima hicho kesho asubuhi na kuipigia maabara simu kuhusu kromi, na huku akizuia matumizi ya maji ya visima vya jirani vilivyo chini ya mteremko hadi majibu mapya yarudi, kwa sababu namba ya kromi kuwa na shaka haiifuti ile ya arseniki.

Nikipata karatasi ya namna hiyo kutoka kwa mwombaji wa kwanza, nitarudi kuzifungua alama zake za ufuatiliaji upya.